Chakula cha Mchana cha Ramadhani

Tulipogawana vitu vya Baba baada ya arobaini, dada yangu Hadija hakutaka cherehani, hakutaka redio, hakutaka hata saa aliyokuwa akiivaa Baba siku za Ijumaa. Alitaka bakuli. Ni bakuli la bati la rangi ya bluu, lenye kifuniko kilichobanduka rangi pembeni pale kilipoangukia saruji. Mjomba mmoja alimwambia achague kitu cha maana, asione aibu. Hadija akalikumbatia bakuli kifuani na kusema kwamba hicho ndicho cha maana. Mimi nilitoka nje nikajifanya natafuta viatu vyangu, maana nilijua nikibaki pale nitalia mbele za watu.

Ninyi wa rika langu mliolelewa na mama mpaka siku ya kuolewa, huenda mkaona ni jambo dogo. Kwetu halikuwa dogo. Bakuli lile lilikuwa la Mama. Alitutoka kwa homa ya siku tano, nikiwa na miaka minane na Hadija kumi na miwili, akatuacha mtaani Nyakabiga na mwanamume aliyejua kitu kimoja tu duniani: kushona viti vya magari.

Karakana yake ilikuwa mtaa wa Buyenzi, kati ya mafundi wengine wengi, na kila jioni alirudi akinuka gundi na sponji mpya. Alikuwa mtu wa maneno machache na vidole vinene. Baada ya matanga, vidole hivyo vikaanza kujifunza. Vilijifunza kuchagua mchele, kusonga bugali usio na madonge, kufua sare zetu za kaki bila kuzipausha. Nywele hazikumsumbua, kwa sababu shuleni tulinyolewa, naye alitunyoa mwenyewe Jumamosi kwenye kigoda. Kifua cha Hadija kilipoanza kuonekana, alimpa utepe wake wa kupimia viti pamoja na karatasi, akamtuma chumbani ajipime mwenyewe na kuandika namba mbili. Kesho yake akaja na sidiria mbili ndani ya mfuko mweusi, akauweka kitandani kwa Hadija na kwenda kuchota maji ambayo hatukuyahitaji.

Basi tulikuwa tunaishi. Kilichotutia hofu ni maneno ya shangazi.

Shangazi Zena, dada yake mkubwa Baba, aliishi Rumonge na kuuza mafuta ya mawese. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya soko. Siku ya mwisho ya matanga nilikuwa napeleka vikombe vya chai nikamsikia akimwambia Baba, "Saidi, kwa sasa ubaki nao. Lakini siku Hadija atakuwa mukubwa, nakuja kuwachukua wote wawili. Kufundisha musichana mambo yake ni kazi ya shangazi. Mwanaume hawezi."

Baba aliangalia mkeka. "Sawa, dada," akasema.

Hadija alikuwa nyuma yangu na trei ya sukari. Kuanzia siku ile kila mmoja wetu alibeba hofu yake kimya kimya. Tulishampoteza Mama. Rumonge ilikuwa na watu wema na ziwa na michikichi, sikatai, lakini Baba hakuwa Rumonge.

Ramadhani iliyofuata mambo yakaharibika. Mimi nilikuwa nafunga nusu siku, kama watoto wote. Hadija akatangaza kwamba mwaka huo atafunga mwezi mzima. Mtaani watu wakamsifu. "Ee, Hadija amekuwa mukubwa sasa!" alisema muuza maandazi wa kona. Kichwani mwangu mambo yalikuwa wazi kabisa: kinachomfanya mtu kuwa mkubwa ni kufunga siku zote. Akimaliza mwezi bila kula hata mara moja, habari itafika Rumonge, na shangazi atakuja na mabegi. Kwa hiyo nikaamua kumharibia dada yangu saumu.

Nilijaribu kwa kila njia. Nilikula ubuyu mbele yake. Nilimletea maji ya baridi nikasema ni ya kunawa uso. Hadija alinisukuma tu. Na kuanzia kama siku ya kumi na moja alibadilika: mkali, mweupe midomoni, anatembea taratibu na kukaa upande upande. Alikuwa akijifungia chooni muda mrefu. Alasiri alilala kwa kujikunja huku mkono ukibonyeza tumbo, lakini adhana ikisikika anaamka, anatawadha, anaswali, na ya jioni hali kitu mpaka kila mtu apewe tende. Nilidhani ni njaa inamtesa. Nikamwonea huruma, na huruma ile ikanipa ujasiri wa kusema uongo.

Nilimfuata Baba karakanani baada ya shule. Alikuwa amelala chali chini ya kiti cha basi dogo, na misumari midogo mdomoni.

"Baba, Hadija hafungi. Nimemuona anakula."

Akatema misumari kiganjani. "Umemuona na macho yako?"

"Ndiyo. Andazi. Nyuma ya choo."

"Leo?"

"Leo na jana."

Nilingoja hasira. Nilitaka kabisa akasirike, arudi nyumbani, amwambie Hadija kwamba bado ni mtoto, tena mtoto mlafi, na aandike hivyo kwa shangazi. Baba akakaa. Akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, na uso wake ukawa kama siku ile alipotoka hospitali bila Mama.

"Umeambia mutu mwingine?"

"Apana."

"Bon. Usiambie mutu. Na we usimuchungulie dada yako wakati anakula. Unasikia, Mwajuma? Usimuchungulie."

Nilirudi nyumbani bila kuelewa ni kosa gani nimefanya, ila nilijua nimefanya kosa.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, hakuna shule. Saa sita mchana Baba akaja nyumbani, jambo ambalo hakulifanya kamwe. Akaingia jikoni. Tukasikia sufuria, tukasikia mafuta, kisha harufu ya ndagala za kukaanga, dagaa wa ziwa letu, ikajaa ua mzima, mchana kweupe wa Ramadhani, na yeye mwenyewe amefunga. Alipakua wali na maharage kwenye bakuli la bluu la Mama, akapanga ndagala juu, akafunika. Akaliweka kwenye kigoda.

"Hadija," akasema, akiangalia ukuta. "Chakula chako kiko mu jikoni. Mungu amekupa ruhusa. Mi natoka."

Akatoka, akafunga lango.

Hadija alisimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji. Kisha akanigeukia. "Nani amemwambia?"

"Mi nilisema tu unakula," nikasema. Nilikuwa nimeshaanza kulia. "Nilisema uongo. Sikutaka umalize mwezi, shangazi atakuja kutuchukua."

"Sikula kitu, hata tone ya maji, we mujinga!" Akaketi chini palepale kwenye saruji. "Nilifunga siku zote. Nilifunga ili asijue."

Ndipo akaniambia. Alinieleza vibaya, kwa nusu sentensi, kwa sababu yeye mwenyewe alijua nusu. Wasichana wa darasani walishasema kwamba mwanamke akiwa katika siku zake hafungi, basi akaona kwamba akila, hata mara moja, Baba atajua, na Baba akijua, shangazi atakuja. Kwa hiyo alifunga na damu, akaswali na damu, akaumwa tumbo bila kumeza kidonge. Mimi nilidhani saumu ndiyo itakayotupeleka Rumonge, yeye alidhani saumu ndiyo itakayotubakiza. Na uongo wangu wa andazi ulimwambia Baba ukweli ambao mimi mwenyewe sikuujua, maana msichana wa miaka kumi na mitatu anayejificha kula mwezi wa Ramadhani, mwanamume aliyesoma chuo cha Kurani anajua sababu yake.

Hadija akafunua kifuniko. Alikula akilia, akala wali wote, na ndagala tatu za mwisho akanipa mimi.

Baba alirudi saa kumi na mfuko wa kaki na uso wa mtu anayekwenda kwenye mtihani. Siku nyingi baadaye Mama Chantal, jirani yetu mkunga, Mkristo wa nyumba ya pili, alitusimulia Baba alikuwa wapi. Kwanza alikwenda farmasi, akamkuta binti mdogo kaunta, akaishia kununua dawa ya kichwa. Akatoka. Akarudi, akanunua nyingine. Ndipo akaenda kumgongea Mama Chantal. Mama Chantal akamwambia asijali, amtume msichana kwake, atamweleza yeye. Baba akakataa. "Nifundishe mi," akamwambia. "We unaweza kuhama kesho. Mi ndiye nitabaki nao."

Akamfundisha, saa nzima, barazani, na Baba akauliza maswali kama fundi anayekabidhiwa gari la mtu, kisha akarudi farmasi.

Basi akatuketisha sote wawili kwenye meza yake ya zamani ya kukatia vitambaa, iliyokuwa sebuleni. Mimi pia, ingawa nilikuwa na miaka tisa. "Na we sikiliza, nisirudilie mara mbili," akasema. Akatandaza chupi mpya mezani, akafungua pakiti ya kotex, zile pedi za wanawake, na kwa sababu ya woga akaanza kueleza kwa lugha ya viti.

"Hii upande iko na kole, inanata. Unabandua karatasi, unabandika mu katikati ya chupi, si mbele, si nyuma. Hizi mabawa unazikunja chini, zinashika, haitembei. Ile upande laini inabaki juu." Akabandika, akabandua, akamwambia Hadija ajaribu. "Unabadilisha kila saa nne, saa tano, hata kama haijajaa. Ikikaa sana inanuka na inaleta magonjwa. Unanawa mikono mbele ya kubadilisha na nyuma yake. Ya zamani unaikunja, unaifunga mu karatasi, unatupa mu pubele ya takataka. Si mu choo, itaziba. Ukienda shule unatia mbili mu sac, na chupi moja."

"Na kama ikinikuta ku darasa?" aliuliza Hadija. Lilikuwa neno lake la kwanza.

Baba akafikiri. Mama Chantal hakumwambia hilo. "Unafunga pulova mu kiuno, unaomba ruhusa, unakuja ku atelier, pale nashonea viti. Hauulizi mutu. Mi nitakuwa pale."

Akaendelea. Kotex zikikosekana, vitambaa safi vya pamba, vya kukunja. Vinaoshwa kwanza kwa maji ya baridi, kwa sababu maji ya moto hugandisha damu, kisha sabuni, kisha vinaanikwa juani kabisa. Si chini ya godoro, si nyuma ya kabati. Kitambaa kisichokauka vizuri huleta muwasho. "Jua ndiyo dawa. Anayeona aibu afunge macho." Kisha pasi. Tumbo likiuma, chupa ya maji ya moto juu ya kitambaa, na kidonge, na kutembea kidogo. Aandike tarehe damu inapoanza kila mwezi, ahesabu mpaka itakapoanza tena. Mwanzoni huweza kuruka mwezi, hata miwili, asiogope. Lakini damu ikipita siku saba, au ikijaza kotex kila saa, aseme siku hiyohiyo, waende hospitali. "Hata nikiwa mu musikiti," akasema, "uniite."

Halafu akafika kwenye sehemu aliyoijua, na sauti yake ikanyooka. Utotoni chuoni walikuwa wameimbishwa sheria za hedhi na josho, wavulana thelathini wasiojua wanaimba nini. Alijua yote. Damu ikikoma, unatia nia, unaosha mikono na palipochafuka, unatawadha, unamwaga maji kichwani mara tatu mpaka yafike kwenye ngozi, kisha upande wa kulia, kisha wa kushoto, pasibaki mahali pakavu. Swala za siku zile hazilipwi. Saumu zinalipwa.

"Na zile nilifunga?" akauliza Hadija. "Siku tano. Na njaa yote ile."

"Hazihesabiwi."

"Hata moja?"

"Hata moja, mwanangu. Utazilipa."

Hadija aliinamisha kichwa juu ya meza, na sijui kama alikuwa analia kwa ajili ya saumu au kwa ajili ya kila kitu. Baba akanyoosha mkono, akausitisha, kisha akauweka kwenye kichwa chake kilichonyolewa. "Nitazilipa nawe," akasema. "Siku tano, wote wawili."

Kisha akamuuliza alikuwa anatumia nini. Hadija akaenda chumbani, akarudi na vipande viwili vilivyozungushiwa kitenge cha Mama. Baba akafungua kimoja. Ilikuwa sponji yake ya njano, mabaki ya karakana, yenye vumbi na alama za gundi. Aliigeuza mkononi muda mrefu.

"Hii mi natia chini ya madreva wa kamyo," akasema polepole. "Unakuja kuichukua ku atelier yangu, unapita mbele yangu, na hukuniambia?"

"Niliogopa utamwambia shangazi."

Macho yake yalijaa machozi, na hakuyaficha. "Mi ndiye nilipaswa kuogopa," akasema. "Si we."

Wiki ile alitia komeo kwenye mlango wa chumba chetu, kwa ndani, na tangu hapo alibisha hodi hata tukiwa tumeuacha wazi. Kwenye bafu la uani aling'oa pazia lililochanika akaweka mlango wa kweli. Na kila siku iliyobaki ya zile ambazo Hadija hakufunga, saa sita alikuja, akapika, akafunika, akatoka.

Lakini hakumficha shangazi. Alimpigia simu mwenyewe. Mimi nilikasirika sana, nikasusa uji wa futari, na yeye akasema tu kwamba hawezi kumwibia dada yake haki yake.

Shangazi Zena akaja siku ya pili ya Idi na kidumu cha mawese na mabegi mawili matupu. Niliyahesabu: mawili. Alimkumbatia Hadija, akamtazama juu mpaka chini, akamgeukia Baba.

"Basi nawapakilia nguo. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana," akasema Baba. "Lakini muulize kwanza. Kama kuna kitu hajui, umuchukue, na mudogo pia. Sitasema neno."

Wakaingia chumbani, komeo likalia. Mimi nilibandika sikio mlangoni, na Baba, aliyenikataza kuchungulia, hakunifukuza. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono kati ya magoti. Nilimsikia shangazi akiuliza na Hadija akijibu. Saa ngapi kubadilisha. Maji gani. Josho linaanzia wapi. Siku ngapi za kulipa. Sauti ya Hadija ilitetemeka mwanzoni, kisha ikashika njia. Kisha shangazi akauliza jambo dogo, kwa sauti ya chini, na Hadija akasema, "Baba alisema anayeona aibu afunge macho."

Komeo likalia tena. Shangazi alitoka akaketi kwenye mkeka.

"Saidi, umemwambia mupaka mambo ya kuanika vitambaa?"

"Ndiyo."

"Hauna haya."

"Nilikuwa nayo," akasema Baba. "Ilikuwa nyingi sana."

Shangazi akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya mtandio, na ghafla hakuwa anacheka. "Mama yetu hakuniambia hata nusu," akasema. "Mi nilifikiri nakufa. Siku tatu nilijificha mu michikichi." Akanivuta mimi magotini kwake, ingawa nilikuwa mkubwa wa kupakatwa. Alikaa siku nne. Alimfundisha Hadija mambo ambayo Baba hakuyajua, kama jinsi ya kukaa na kusimama ukiwa na sare ya kaki siku nzito, na jinsi ya kumnyamazisha mwanamume anayekufuata njiani. Akatuagiza kwenda kwake kila likizo. Mabegi mawili aliyaacha kwetu, tuwekee nguo za safari.

Juma lililofuata Hadija na Baba wakafunga siku zao tano; zile alizokula, Hadija alizilipa peke yake baadaye. Zamu yangu ilipofika, miaka kadhaa baadaye, sikusema kitu. Niliacha tu kifuniko cha bluu juu ya meza kabla ya saa sita, na Baba akaelewa.

Tulikua, tukaolewa, Hadija akahamia Kibenga. Baba akapata ugonjwa wa sukari. Daktari alimkataza kufunga, naye akaitikia vizuri, kisha akafunga kwa siri. Hakutaka vijana wa karakana wamwone mzee anakula mchana. Ramadhani yake ya mwisho alianguka kati ya viti, wakamleta nyumbani. Alilala akiangalia ukuta na kutuambia ni joto tu.

Siku iliyofuata Hadija alikuja kutoka Kibenga. Saa sita akaingia jikoni. Mafuta yakalia, harufu ya ndagala ikajaa ua. Yeye alikuwa amefunga. Akapakua, akafunika, akaweka bakuli kwenye kigoda karibu na kitanda, na kuangalia ukuta.

"Baba, chakula chako ni hiki. Mungu amekupa ruhusa. Sisi tuko inje, hakuna mutu atakuchungulia."

Tukakaa kizingitini tukiupa mlango migongo, mimi na yeye, wanawake wawili wazima. Kisha tukasikia kifuniko kikiangukia saruji, na baada yake kijiko.

Hadija alinishika mkono ili nisigeuke.